Tatu Juu ya Ishirini

Mwalimu Ésaïe alikuwa amestaafu, lakini bic yake nyekundu, kalamu ya kusahihishia, ilikataa kustaafu pamoja naye. Mji mzima wa Butembo ulilijua hilo. Tangazo la ndoa likibandikwa mlangoni pa kanisa, kabla ya ibada kwisha lilikuwa limeshachorwa mistari. Fundi mmoja wa mtaa wa Rughenda aliandika kibao cha kazi yake kwa rangi nzuri ya buluu, akaenda kula, akarudi akakuta herufi mbili zimekatwa na moja imeongezwa, na chini yake neno «Attention!». Alijua ni nani. Hakwenda hata kuuliza.

Wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa wana maduka na malori na matumbo, walimheshimu sana na hawakumwandikia ujumbe hata siku moja. Walipiga simu. Wengine walikuja kwa miguu kutoka upande wa pili wa mji kumwambia jambo ambalo lingetosha mstari mmoja. Mdomo hauonyeshi makosa ya imla, ndiyo sababu. Mzee alidhani wanamtembelea kwa mapenzi, na mkewe Tamar, ambaye ni mama mwenye huruma, hakumwambia ukweli.

Aliyeumia ni Providence, binti wao wa mwisho. Alikuwa akiuza dawa katika pharmacie moja ya mjini, msichana mwenye akili na uso wa kupendeza, na bado yuko kwa baba yake katika umri ambao wenzake walikuwa na watoto wawili wawili. Mchumba wa kwanza alimwandikia barua ya mapenzi, barua ikaangukia mikononi mwa mzee, ikarudi kwa mwenyewe imekuwa nyekundu. Mchumba wa pili alisikia habari za wa kwanza, akaenda kuoa mji wa Kayna. Kwa hiyo alipopatikana Blaise, kijana mpole wa mji wa Beni anayetengeneza frigo, Providence alimketisha baba yake sebuleni na kumweleza mambo bila kuzunguka.

«Papa, baba ya Blaise atakuandikia. Anaitwa papa Ignace, iko agent wa État, mutu wa serikali, walimutuma Beni kutoka Kisangani zamani sana. Message yake njo itafungua maneno ya bafamilia mbili. Tafazali, umujibu muzuri.»

«Mi mutu wa kujibu mubaya?»

«Papa. Ukimukimbiza na huyu, mwingine sitaleta. Nitazeekea hapa, tutakuwa tunakunywa chai batatu.»

Mzee aliapa. Na alipoapa alikuwa na nia njema kabisa, hilo lazima lisemwe.

Ujumbe ulifika Jumamosi alasiri. Tamar alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, Providence kazini, mzee yuko peke yake mezani na chai yake na kipande cha jibini. Simu ilitetemeka, akavaa miwani, akafungua. Ulikuwa umeandikwa hivi:

«Bjr maître. Mi papa ya Blaise, Beni. Hbr ya fam? Siye bzr, mr6 D. 2m1 ap clt ttkuya kwnu pr prés, ts 7. Km kuko pb jb leo svp. Km jb hkn ttshka rte. Bn8.»

Ésaïe alikumbuka kiapo chake. Alijaribu kujizuia. Alikunywa chai. Alitazama dirishani, alitazama picha ya harusi yake ukutani, kisha macho yakarudi kwenye simu yenyewe, na «2m1» ikamtazama bila haya. Namba ndani ya neno! Katika miaka yake yote ya ubao na chaki alikuwa ameona watoto wakisahau accent, zile alama za juu ya herufi, wakisahau s ya wingi, wakisahau hata jina lao kwa sababu ya njaa, lakini hajawahi kuona mtu mzima akiingiza hesabu ndani ya dictée, yaani imla.

Alijiambia atanakili tu, apate kuisoma vizuri. Akachomoa karatasi ya daftari, akaandika ujumbe wote kwa buluu, akiruka mstari mmoja mmoja kama ilivyo desturi, ili pabaki nafasi. Nafasi ya nini? Mtu akishaacha nafasi kati ya mistari, bic nyekundu itakuja yenyewe.

Alikata «Bjr». Alikata «Hbr», lisilo na irabu hata moja, akaandika pembeni: «Mavoyelles zimekimbilia wapi?» Kwenye «2m1» aliandika: «Tuko mu calcul ama mu dictée?» Kwenye «mr6» aliuliza kwa maandishi yake mazuri ya kulala: «Merci ya sita? Tano za kwanza tulizikosa?» Kwenye «D» alizungusha duara na kuuliza: «D gani?» Alifanya kazi kwa raha, tusifiche, maana ilikuwa zamani tangu apewe kazi nzima yenye mwanzo na mwisho. Alipomaliza, karatasi ilionekana imechinjwa.

Kisha akahesabu alama, na hapo alitaka kuwa mwenye haki. Alitoa moja kwa jina Blaise, lililoandikwa sawasawa. Moja kwa Beni. Moja kwa «maître», ambalo mwandishi alilileta zima, na kofia yake juu ya i, bila kulipunguza hata herufi. Tatu juu ya ishirini. Na chini kabisa, mkono ukienda wenyewe kwa mazoea, akaweka maneno ambayo aliyaweka chini ya kila kazi mbaya maisha yake yote: «Correction. Signature du parent.»

Mtoto yeyote wa shule wa huko anajua maana yake. Unaandika upya kazi yote, safi, neno kwa neno. Unaipeleka nyumbani, mzazi wako anaiona aibu yako na kutia sahihi. Bila karatasi hiyo hurudi darasani.

Akapiga picha ile karatasi na kuituma Beni. Alama mbili zilitokea, zikageuka buluu. Mwalimu akajimiminia chai nyingine na kumalizia jibini, akiwa na amani ya mtu aliyetimiza ahadi: aliambiwa ajibu, amejibu.

Tamar alirudi jua likishuka, kitenge cha kwaya begani. Mumewe alimwonyesha karatasi kabla hata hajakaa.

«Ona. Baba ya Blaise ameandika.»

«Anasema nini?»

Ésaïe alivaa miwani. Aliangalia karatasi, akaona makosa yote, kila moja mahali pake, na hakuona mtu akisema kitu chochote.

«Ameandika mubaya,» alisema.

«Nimesikiya. Anasema nini?»

Mwalimu aliyesahihisha kila neno hakujua ujumbe ulikuwa unahusu nini. Kuna aibu za aina nyingi duniani, na hii ilikuwa mpya kwake, hakujua hata aiweke wapi. Tamar alikaa polepole.

«Ésaïe, usiniambie ulimutumia hii.»

Hakumwambia. Hakukuwa na haja.

«Soma,» Tamar alisema. «Hapana hii yenye damu. Soma ile ya kwenye telefone. Na usome kwa sauti, mi nisikiye.»

Basi akasoma kwa sauti, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya darasani, ya polepole, kila herufi na namba kwa jina lake la Kifaransa. Mwanzoni ilikuwa kama kusoma nambari za magari. Lakini aliposema «deux, m, un» na kuirudia haraka kidogo, sikio lake lenyewe lilisikia «demain» na akasita. Kesho. Haikuwa hesabu, ilikuwa sauti ya neno iliyokopeshwa namba. «Mr6» ikatamkika «merci» bila taabu. Yale mengine hayakuwa ya sauti. Hayo yalikuwa maneno yaliyonyang'anywa voyelles, na ilibidi kuzirudisha moja moja na kujaribu kama neno linasimama: «bzr», bazuri, «kwnu», kwenu, «hkn», hakuna.

«Na ile ‹D›?» Tamar aliuliza. «Anashukuru nani?»

«Merci D… Dieu.»

Walitazamana, kisha wote wawili wakatazama duara jekundu lenye swali «D gani?».

«Ulimuuliza mutu Mungu gani,» Tamar alisema. «Weye, muzee wa kanisa.»

Kwenye «prés» walikwama kidogo. Ésaïe alisema huenda ni président, kwa kuwa mtu wa État hawezi kuandika bila kumtaja mkubwa fulani. Tamar alimwomba asikisie. Wakachukua neno la mbele na la nyuma: kesho baada ya ibada, tutakuja kwenu, kwa ajili ya prés, wote saba. Watu saba hawaji kwa mtu Jumapili baada ya ibada kwa ajili ya président. Wanakuja kwa présentation, kujitambulisha, upande wa mwanaume mbele ya upande wa mwanamke. Tamar alishika kichwa.

«Bageni saba! Kesho!»

Lakini Ésaïe alikuwa ameshafika mbele, na uso wake ulikuwa umebadilika. Alisoma mstari uliofuata mara moja kwa macho, mara moja kwa mdomo. «Kama kuko problème, jibu leo, s'il vous plaît. Kama jibu hakuna, tutashika route.»

Kimya ndicho kilichokuwa jibu la «ndiyo». Kama asingefanya kitu chochote, kama angekunywa chai yake tu na kulala kwenye kiti, wangekuja. Jibu lolote lilikuwa na maana kwamba kuna tatizo. Naye alikuwa amejibu, tena kwa rangi nyekundu.

Providence aliingia wakati huohuo, akakuta wazazi wake wamekaa kama watu waliofiwa. Alichukua karatasi, akaisoma juu mpaka chini, akaenda nyuma ya nyumba. Mzee alimsikia akilia. Hakuwa analia kwa nguvu, na hilo lilimchoma zaidi, kwa sababu mtoto anayelia kwa nguvu anatarajia kubembelezwa.

Mzee alipiga simu Beni. Simu ya Ignace ilikuwa imezimwa. Akapiga tena, akapiga tena. Providence alirudi amenawa uso, akampigia Blaise, akaweka sauti ili wote wasikie.

«Papa alipokea kitu,» Blaise alisema kutoka Beni, akinong'ona. «Aliangalia telefone, akaizima. Alijifungia ku chumba na karatasi, anasema hapana mutu amuongeleshe. Mama Clémence alimupelekea chakula, alikataa. Koko, mama yake, aliingia kule, mpaka sasa hajatoka. Mulimwambia nini?»

«Kesho munakuya?» Providence aliuliza.

«Sijui, chérie. Namuogopa kumuuliza.»

Sasa mwalimu aliamua kuandika maombi ya msamaha. Aliandika ukurasa mzima kwenye simu, kwa Kifaransa cha heshima chenye vitenzi viwili vya subjonctif, akaeleza maisha yake, ualimu wake, na hali ya lugha nchini. Tamar aliyasikiliza yote akichambua majani ya sombe.

«Sasa mutu akisoma hii, ni wapi unasema pardon?»

Alitafuta. Ilikuwa mwishoni, katikati ya sentensi ndefu, na hata hapo alikuwa amemwombea msamaha bic, si yeye mwenyewe. Akafuta yote. Akaandika: «Papa Ignace, nilijibu mbele ya kusoma. Nisamehe. Mukuye kesho, tunawangojea.» Akatuma. Ilitokea alama moja tu, ya kijivu, kwa sababu simu ya Beni ilikuwa bado imelala. Mzee alikaa na simu gotini akiingoja alama ya pili, lakini haikuja.

Asubuhi walikuwa na jambo la kuamua: kupika ama kutopika. Ukipika kwa ajili ya wageni saba wasiokuja, majirani watajua kabla ya mchana. Usipopika na wakaja, hilo halisemeki. Tamar hakufikiri hata kidogo. Alichinjisha mbuzi, akasonga bugali wa kutosha kanisa, akamtuma mume wake kuazima viti kwa kila jirani ambaye hajawahi kusahihishwa. Vikapatikana vichache, ikabidi waazime na kwa waliosahihishwa. Hawa nao walivitoa kwa moyo mweupe, isipokuwa fundi wa kibao, aliyeleta benchi mwenyewe na kusimama kidogo langoni aone kutatokea nini.

Mdogo wake Ésaïe, aitwaye Sikuli, alifika na koti lake jeusi. Kwa desturi yao baba hajibu mwenyewe katika maneno ya binti yake, kuna msemaji, na Sikuli alikuwa msemaji mzuri, mtu wa kuzunguka mlima mzima kabla ya kusema jambo. Alipoelezwa yaliyotokea alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaona uso wa Providence, akaacha.

Ibadani Ésaïe hakusikia neno. Mchungaji alipoomba, yeye aliomba lake, na ombi lake lilikuwa fupi sana: nisiwe mimi. Katika mambo yote yanayoweza kumzuia mtoto huyu asipate nyumba yake, nisiwe mimi.

Gari lilisimama langoni jua likiwa limeshapita kichwani. Walishuka, tena walikuwa saba kweli: Blaise katika suti iliyombana, mama Clémence mke wa Ignace na kikapu chake, mjomba mmoja, mashangazi wawili, na kikongwe mdogo aliyeshushwa kwa kubebwa karibu mzima, koko mwenyewe, mama wa Ignace. Wa mwisho alishuka Ignace, mrefu, mnene, mwenye miwani mikubwa ya mtu wa ofisini, wa bureau. Hakutabasamu. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa.

Walisalimiana, wakakaa. Sikuli akasimama na kuanza, «Bageni betu ba heshima, kama munavyojua, milima haikutani—»

«Pardon, papa,» Ignace alisema. «Mbele ya yote. Niko na deni ya jana.»

Akasimama na kuvuka sebule. Mbele ya kiti cha Ésaïe aliinama kidogo, akanyoosha ile karatasi kwa mikono miwili, kama wanavyofanya watoto wa mwaka wa tano.

«Maître. Correction.»

Ésaïe alimtazama mtu huyo aone kama anamdhihaki. Hakuona dhihaka. Jasho lilikuwa likimtiririka Ignace pembeni mwa masikio, mtu mzima, mkubwa wa bureau. Mwalimu akaipokea. Mkono wake wa kulia ulikwenda mfukoni mwa shati, ulikozoea kwenda. Tamar alikohoa. Mkono ukarudi.

Alisoma. Safari hii alisoma mpaka mwisho kabla ya kufikiri chochote.

«Bonjour maître. Mimi ni papa ya Blaise, wa Beni. Habari ya famille? Sisi bazuri, merci Dieu. Demain après culte tutakuya kwenu pour présentation, tous sept. Kama kuko problème, jibu leo s'il vous plaît. Kama jibu hakuna, tutashika route. Bonne nuit.» Maneno yote yalikuwa mazima. Mwandiko ulikuwa mzito, umefutwa hapa na pale, umeandikwa tena. Na chini, mahali pa sahihi ya mzazi, palikuwa na alama ya kidole gumba, ya wino wa zambarau.

«Ni mi,» koko alisema kutoka kitini kwake, kabla hajaulizwa. «Usiku alinipa karatasi, anasema: mama, sign. Nikamuuliza, juu ya nini? Anasema: nimeanguka. Nikamwambia: Ignace, na mvi ile yote, bado unaanguka?»

Fundi wa kibao, langoni, alicheka peke yake. Kisha shangazi mmoja akacheka, na kicheko kikazunguka sebule yote, lakini hao wazee wawili katikati hawakucheka.

«Papa Ignace,» Ésaïe alisema, «unaona kama nilikutukana. Nilikuomba pardon ku telefone.»

«Telefone niliizima. Niliogopa utatuma ingine.» Ignace alipangusa uso. «Maître, niache niseme kweli. Blaise aliniambia: baba ya Providence ni maître Ésaïe. Hata Beni watu banakujua. Nilianza kuandika asubuhi. Naandika famille, najiuliza, l moja ao mbili? Naandika après, accent inaenda wapi? Zamani nilifanya kazi ya phonie, kutuma maneno ku radio, kule kila neno inalipwa, tulikuwa tunakata maneno. Basi nikakata yote. Ukiandika ‹fam›, hapana mutu anaweza kujua kama unajua famille. Niliacha maître peke yake. Ile nilitafuta mu dictionnaire.»

Hapo ndipo Ésaïe alipoona alichokuwa amekishika mkononi siku iliyopita. Alikuwa amesoma kiburi, uvivu, mtu wa État anayemwandikia kwa haraka kama anayeandikia karani. Kumbe yalikuwa maandishi ya mtu aliyejificha nyuma ya kila herufi aliyoiondoa, na akatoka mafichoni mahali pamoja tu, kumwita kwa heshima. Na yeye pale akampa alama moja.

Angeweza kunyamaza. Wageni walikuwa wameshaanza kunusa mbuzi. Lakini aliona binti yake amesimama mlangoni pa jikoni, amekamata trei ya soda, haweki chini wala hasogei.

«Na miye niseme kweli,» alisema. «2m1, mutoto wa kwanza primaire anaweza kuisikia. Tangu mara ya kwanza niliogopa kuisikia. Niliona ni maneno ya kuya kumuchukua. Nikakamata bic ili nisisome mbele. Huyu njo wa mwisho kwangu. Akienda Beni, mi na mama yake tutabaki tunatazamana.»

Tamar aligeuza uso dirishani. Providence aliweka trei chini, kwenye sakafu, kwa kuwa meza ilikuwa mbali.

Sikuli aliona wakati wake umefika. Akajikohoza, akanyoosha koti. «Basi, bageni betu, kwa niaba ya famille, jibu letu—»

«Hapana weye,» koko alisema.

«Mama, ni desturi, msemaji ni—»

«Jana alijibu nani? Alijibu yeye mwenyewe, na bic yake. Na leo ajibu mwenyewe, na mdomo.»

Sikuli akakaa. Ésaïe alimwita binti yake karibu, akamuuliza mbele ya watu kama anamtaka kijana huyu. Providence alisema anamtaka. Alisema wazi, akimtazama baba yake na si Blaise, na Blaise hata hivyo akainuka nusu kitini kwa furaha, kifungo cha suti kikaruka.

Ikabaki zamu ya mwalimu. Alisimama. Watu walitega masikio kwa hotuba, maana nani hakumjua. Mama Clémence alikwishaegemea vizuri kikapu chake. Midomo ya mzee ilitikisika na kitu kikatoka, lakini hakuna aliyekisikia.

«Rudiya, maître,» Ignace alisema kwa upole.

«Ndiyo,» Ésaïe alisema.

Koko aliweka mkono nyuma ya sikio. «Anasema nini?»

Providence alimshika baba yake mkono, na mzee akarudia mara ya tatu, polepole, kwa sauti ya kufika hadi dawati la mwisho, huku akilia.